Kabla ya Kuomba Fedha za Dharura: Kulisoma Tuta Lililobomolewa na Maji

Mheshimiwa mwenyekiti, wahandisi, wasimamizi wa wadi, wazee wa mitaa na mafundi wote mliofika, hamjambo.

Tumeitwa hapa kuzungumzia ukaguzi wa makalvati na matuta ya barabara baada ya mafuriko, na hasa namna ya kuuandika ukaguzi huo ili ombi la fedha za dharura lisirudishwe. Maombi mengi hurudi kwa sababu yameandikwa hivi: kalvati limebebwa na maji, tunaomba kalvati kubwa zaidi. Anayepitia ombi anataka kujua mambo matatu. Kimeharibika nini hasa? Ni mafuriko haya yaliyoharibu, au kitu kilikuwa kibovu tangu zamani? Na hicho mnachoomba, kitazuia shimo lisirudi pale pale mvua ijayo? Ukimjibu la tatu vizuri, lazima uwe umejua sababu. Kwa hiyo leo nitakaa zaidi kwenye sababu, na nitakaa na tuta la aina moja tu: lile la barabara inayokatiza kijito karibu na mahali kinapomwagika kwenye mkono wa bahari. Hapa Mombasa, Kisauni wanayo, Jomvu wanayo, Likoni wanayo. Matuta haya yanapigwa pande mbili, maji ya mvua kutoka juu na maji ya bahari kutoka chini, na ndiyo yanayowachanganya wakaguzi kuliko yote.

Kabla sijaingia huko, jueni barabara ni ya nani. Ya KeNHA wenye barabara kuu za taifa, ya KURA wenye za mijini, ya KeRRA wenye za vijijini, au ya kaunti, kila moja ina mlango wake wa fedha, na ombi lililopelekwa mlango usio wake hulala hapo hadi mvua ya vuli. Kwa barabara za kaunti, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kuwepo Mfuko wa Dharura, na malipo yake ni ya jambo la ghafla lisilotarajiwa, ambalo haliwezi kungoja mwaka wa fedha mwingine bila umma kudhurika. Yawekeni maneno hayo akilini, kwa sababu yataturudia tutakapofika kwenye mchanga uliojaa ndani ya bomba.

Sasa twende kwenye tuta lenyewe. Kitu cha kwanza kupotea si udongo, ni alama za maji. Mstari wa taka na matope kwenye ukuta wa nyumba, majani makavu yaliyonasa kwenye ua, nyasi zilizolala upande mmoja: mvua moja tu ya kawaida huvifuta vyote. Kwa hiyo siku ya kwanza nendeni na misumari, rangi na kamera. Pigeni msumari kwenye alama ya juu kabisa ya maji, upakeni rangi, upigeni picha pamoja na mti wa vipimo, kisha mpime urefu wake kwa kifaa cha usawa. Alama isomwe kwenye dimbwi la upande wa juu, hatua kadhaa kabla ya barabara. Msiisome katikati ya lami, maana maji yakishaanza kuteremkia ng'ambo hupungua kina na yatawadanganya. Waulizeni pia wanaoishi hapo: maji yalianza kupita juu ya barabara saa ngapi, na barabara ilikatika saa ngapi? Saa hizo mbili zina thamani kubwa, na baada ya wiki mbili kila mtu anakumbuka tofauti.

Na tafadhali, mtu asisimame kwenye lami inayoning'inia. Lami hubaki kama dari ilhali chini hamna kitu. Shikeni mtaimbo, anzieni kwenye lami mnayojua ni nzima, mgonge kila nusu mita mkielekea kwenye shimo. Lami iliyokalia udongo hutoa sauti nzito iliyokufa, na iliyo tupu chini hulia kama debe. Palipoanza kulia, chorani mstari wa rangi. Mstari huo ndio mpaka halisi wa uharibifu, na mara nyingi uko mita moja au mbili nje ya shimo mnaloliona kwa macho. Ndani ya bomba asiingie mtu. Mulikeni kwa tochi kutoka mdomoni, kila upande.

Maji hulibomoa tuta la kalvati kwa njia nne, na kila njia huacha alama zake.

Njia ya kwanza ni maji kupita juu. Maji yakipanda mpaka yakavuka barabara, huanza kula upande wa chini, pale lami inapoishia, kisha hurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea upande wa juu. Mtaona ukingo wa lami umening'inia upande wa chini peke yake, kovu ni pana, taka zimetapakaa juu ya barabara, na nyasi za mteremko wa chini zimelazwa kuelekea baharini. Kama taka hazipo juu ya barabara wala hakuna aliyeona maji yakivuka, msiandike kwamba maji yalipita juu, hata shimo liwe kubwa vipi.

Njia ya pili ni maji kupenya pembeni mwa bomba. Viungo vya bomba vimeachia, au udongo uliozunguka bomba haukushindiliwa vizuri tangu siku ya ujenzi, basi maji hujipatia njia nje ya bomba na kuondoka na mchanga punje kwa punje. Dalili yake ni shimo lenye kuta wima, katikati ya barabara, sawasawa juu ya mstari wa bomba, na mchanga msafi uliotandazika kama kipepeo cha kupepea kwenye mdomo wa kutokea. Udongo mwekundu wa kichanga wa vilima vya Kisauni na Likoni hupotea hivi upesi sana. Uharibifu wa namna hii unaweza kutokea bila maji kuvuka barabara hata mara moja, na mara nyingi ulianza miaka kabla ya mafuriko.

Ya tatu ni kuchimbwa mdomo wa chini. Maji yakitoka bombani kwa kasi na kukuta hakuna sakafu, huchimba shimo, ukuta wa mdomo huinama mbele, kipande cha mwisho cha bomba huanguka, kisha cha pili, na tuta hufuata likianzia huko.

Ya nne hutokea maji yakiwa yamekwisha kuondoka. Tuta limelowa kutwa, kisha bahari inakupwa na dimbwi linashuka kwa haraka, lakini maji yaliyo ndani ya udongo hayajapata muda wa kutoka. Udongo ni mzito na haukuegemezwa na kitu, basi mteremko unaporomoka. Mtaona nyufa za upinde kwenye ukingo wa barabara, zikienda sambamba nayo, na chini yake udongo umefura kama tumbo. Upande wa Changamwe, Miritini na Jomvu, ambako udongo ni wa mfinyanzi uliotokana na miamba laini ya tabaka, hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu nyufa zinaweza kuonekana siku moja au mbili baada ya watu kusema hatari imepita. Pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, mpime nafasi baina yao kila siku. Ufa unaozidi kupanuka ni sababu tosha ya kufunga upande huo wa barabara leo, bila kungoja ombi.

Tuchukue tuta la mfano tulifanyie hesabu. Namba hizi nimezipanga kwa ajili ya mafunzo, lakini ni za kawaida kwa pwani yetu. Barabara imekatiza kijito kwa mabomba mawili ya zege ya milimita 900. Sakafu ya bomba iko mita 0.6 juu ya usawa wa wastani wa bahari, na sehemu ya chini kabisa ya barabara iko mita 3.6. Alama ya maji kwenye dimbwi la juu ni mita 3.75, yaani maji yalisimama sentimita 15 juu ya barabara, kwa upana wa mita 18. Mvua kubwa ilinyesha kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo ilikuwa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kukupwa kuliko kawaida. Mnajua bamvua ya Kilindini hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo kila mtu pale mtaani atawaambia: bahari ilijaa, maji yakakosa pa kwenda. Na wataongeza kwamba dawa yake ni kalvati kubwa zaidi.

Fungueni jedwali la maji ya Kilindini. Linasema maji yalijaa mita 3.6. Mkaguzi asiye mwangalifu ataona mita 3.6 za bahari na mita 3.6 za barabara, aandike kwamba bahari ilifika sawa na barabara. Hilo ni kosa, na mpitiaji mzuri atalikamata mara moja. Sifuri ya jedwali la bahari imewekwa karibu na maji yanapokupwa kabisa, ilhali sifuri ya wapimaji wa barabara ni usawa wa wastani wa bahari. Tofauti yake ni karibu mita 2. Katika mfano wetu tutatoa 1.9, na bahari inabaki mita 1.7 kwa kipimo cha barabara. Kilele cha mdomo wa bomba kiko mita 1.5. Ni kweli basi kwamba midomo ya chini ilizama, lakini kwa sentimita 20 tu, na dimbwi la juu lilikuwa mita 2 nzima juu ya bahari. Tofauti hiyo ya mita 2 inatosha kusukuma maji mengi. Bomba safi la milimita 900, lenye kina cha zaidi ya mita 3 mlangoni, hupitisha karibu mita 2.7 za ujazo kwa sekunde, hata mdomo wake wa chini ukiwa umezama hivyo. Mabomba mawili ni 5.4.

Je, mvua ilileta kiasi gani? Eneo linalomwaga maji hapo ni hekta 40, yaani kilomita za mraba 0.4, mitaa yenye mabati na vichochoro vya udongo mgumu, tuseme asilimia 60 ya mvua hutiririka. Ukali wa mvua, kwa rekodi ya kituo cha karibu cha Idara ya Hali ya Hewa, tuseme milimita 60 kwa saa.

```
Q = 0.278 x C x I x A = 0.278 x 0.6 x 60 x 0.4 = 4.0
Q = 1.7 x L x h^1.5   = 1.7 x 18 x 0.15^1.5    = 1.8
```

Mstari wa kwanza ni maji yaliyofika, mita 4 za ujazo kwa sekunde. Wa pili ni yaliyovuka juu ya barabara, kwa upana wa mita 18 na kina cha sentimita 15. Namba 0.278 na 1.7 ni za kudumu za kanuni zenyewe, na hiyo 1.7 si kile kimo cha bahari. Toa 1.8 kwenye 4.0, yanabaki 2.2. Hiyo ndiyo kazi yote iliyofanywa na mabomba mawili yanayoweza 5.4. Hesabu hii ni ya kukadiria, wala siwaambii muiape. Lakini hata mkiongeza theluthi nzima kwenye maji yaliyofika, mabomba yatakuwa yamepitisha 3.5, bado mbali na uwezo wake. Bahari haikuwa mkosaji mkuu, wala ukubwa wa bomba. Bomba moja lilikuwa limeziba.

Hapo ndipo mnarudi mdomoni na jembe. Mchanga uliomo bombani ukatwe wima kama mkate, mtazame tabaka zake. Mchanga wa juzi ni mlegevu, rangi yake ni ya udongo wa mlimani, na una majani mabichi na chupa za plastiki ambazo hazijafifia. Mchanga wa zamani ni mgumu, mweusi, unanuka, na mizizi imepita ndani yake. Tukute, kwa mfano, bomba la kushoto limejaa theluthi mbili, na sehemu kubwa ya hiyo ni tabaka jeusi lenye mizizi. Andikeni hivyo hivyo. Najua wapo wanaoona heri kunyamaza, wakiogopa ombi litakataliwa kwa uzembe wa usafi. Nionavyo mimi, kunyamaza ni hatari zaidi. Mpitiaji akiiona mizizi hiyo kwenye picha yenu wenyewe, hatawaamini hata kwenye kipimo cha shimo.

Namna ya kuliandika ni kuitenga kazi katika mafungu matatu. Kuzibua bomba la kushoto ni usafi wa kawaida, na fedha zake zitoke kwenye bajeti ya matengenezo. Kurudisha tuta, vipande vya bomba na ukuta wa mdomo kama vilivyokuwa ni dharura, kwa kuwa ni maji ya usiku ule yaliyovichukua na barabara haiwezi kungoja. Kuongeza bomba la tatu ni maendeleo, na katika mfano huu hesabu haikuliunga mkono, kwa hiyo tuliache. Kuna kitu kimoja kilicho mpakani: sakafu ya mawe kwenye mdomo wa kutokea, ambayo haikuwepo awali. Hiyo mtaiombea kwenye dharura, lakini muitetee kwa namba. Maji ya 2.2 yakipita karibu yote katika bomba moja hutoka kwa kasi ya karibu mita 3.5 kwa sekunde, na ndiyo yaliyochimba shimo la kina cha mita 1.1 mnaloliona pale chini. Kurudisha tuta bila kuuwekea mdomo huo sakafu ni kujenga kitu kitakachochimbwa tena.

Kipimo cha udongo uliopotea kisiandikwe kwa kukisia urefu mara upana mara kina, kwa sababu mashimo hayana umbo la sanduku na kipimo hicho karibu siku zote huzidi. Vuteni kamba kando ya barabara, kila mita 3 mpime eneo la sura ya shimo, kana kwamba limekatwa wima hapo. Katika mfano wetu sura tano zimetoa mita za mraba 0, 7, 11, 8 na 0. Jumlisheni zile za kati, 26, mara 3, mnapata mita za ujazo 78. Mwanzo wa kupima na mwisho wake uwe kwenye ule mstari wa rangi wa mtaimbo.

Lakini msiombe 78. Udongo mpya hauwezi kumwagwa kwenye mteremko wa zamani ukashikana nao, utateleza. Lazima mteremko ukatwe ngazi, kama nusu mita kwenda juu na mita moja kuingia ndani, hadi kwenye udongo mzima. Tuseme ngazi hizo zinaondoa mita 20 nyingine. Sasa ni 98 za udongo ulioshindiliwa. Udongo unaokuja na lori umelegea, na ili upate mita moja iliyoshindiliwa unahitaji kama 1.3 ya mlegevu. Hiyo ni 127, yaani lori 13 za mita 10. Aliyeomba 78 atakuwa na lori 8, na tuta lake litaishia chini ya lami akisubiri ombi la pili ambalo hakuna atakayelipitisha. Jedwali la kazi lieleze pia kwamba moramu itandazwe kwa tabaka za sentimita 15, ishindiliwe kila moja hadi asilimia 95, na pembeni mwa mabomba ishindiliwe kwa mashine ndogo ya mkono, pande zote mbili zipande sawasawa. Upande mmoja ukitangulia, bomba husukumwa na viungo huachia, na hapo mmeitengeneza ile njia ya pili kwa mikono yenu.

Mdomo wa kutokea una mambo yake ya pwani. Chini ya ukingo wa sakafu uwekwe ukuta wa zege unaoshuka chini zaidi ya shimo lililochimbwa, lilikuwa 1.1, basi ukuta ushuke 1.5. Mbele yake mawe ya sentimita 30 hadi 40, juu ya kitambaa cha kuchuja ili matope ya chini yasinyonywe. Mawe ya matumbawe yapo tele na ni rahisi, ila ni mepesi na yana vitundu, na jiwe jepesi hubebwa na maji ambayo jiwe gumu la ukubwa ule ule lingeyastahimili. Mkilazimika kuyatumia, ongezeni ukubwa. Mkitumia gabioni, waya uwe umevikwa plastiki, na hilo liandikwe wazi kwenye ombi pamoja na sababu yake. Waya wa mabati mtupu kwenye maji ya chumvi, unaolowa na kukauka mara mbili kila siku, hukatika mapema na mawe yakatawanyika. Bei yake ni kubwa zaidi, na kama hamkueleza, atakayepunguza gharama ataanza na hapo.

Yale msiyoweza kuyaona, kama hali ya viungo vya katikati ya bomba chini ya udongo ambao haujafukuliwa, yawekeeni kifungu chake peke yake chenye kiasi chake. Msiyafiche ndani ya bei ya moramu.

Jambo la mwisho ni muda wa kazi, maana unaingia kwenye gharama. Ukuta wa zege wa mdomo wa chini hauwezi kumwagwa maji yakiwa yamejaa. Siku za bamvua maji yetu hukupwa sana karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo fundi ana kama saa nne za kuchimba na kumwaga, tangu saa mbili hadi saa sita, kisha bahari inarudi. Siku za maji mafu bahari haishuki vya kutosha na shimo litataka pampu mchana kutwa. Ombi liseme kazi ya mdomo itafanywa siku za bamvua, limtake mkandarasi awe na pampu moja na mifuko ya mchanga ya kuzungushia, na lihesabu siku za kazi kwa saa nne nne, si kwa siku nzima. Na kabla mkandarasi hajashusha lori la kwanza, shimo lipimwe upya mbele yake na msimamizi wa wadi, wote watie sahihi, kwa kuwa kati ya siku ya ombi na siku ya fedha kufika bamvua kadhaa zitakuwa zimepita pale na kipimo cha kwanza kitakuwa kimebadilika.